Tofali la Siku Kumi na Nne

Binti alikuwa amebakiwa na dakika kumi na mbili kabla ya kuitwa, na kazi pekee iliyobaki ilikuwa kuhakikisha projekta inawaka. Ikawaka. Ikaitupa chati yake ukutani, kubwa kama mlango, bluu ya kupendeza, na kichwa cha habari kimekaa katikati sawasawa. Akarudi nyuma hatua mbili aifaidi kidogo, maana mtu aliyehangaika miezi mitatu ana haki ya kusimama akatazama kazi yake. Hapo hapo tabasamu likamkauka mdomoni.

Vidoti vilikuwa vimelala.

Vilikuwa kumi na vitano, na kila kidoti kilikuwa tofali moja la saruji lililovunjwa kwa mashine ya karakana ya chuo. Matofali yenyewe yalitoka kwenye kiwanja cha baba yake, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Tofali. Binti alivunja matatu yalipotimiza siku tatu tangu kufyatuliwa, matatu yalipotimiza siku saba, kisha kumi na nne, ishirini na moja, na ishirini na nane. Siku tano basi, hakuna ya sita. Kwa hiyo chati ilipaswa kuwa na safu tano zilizosimama, vidoti vitatu vikipandiana juu ya kila siku, kwa sababu matofali ya umri mmoja hayalingani nguvu. Hizi safu zilikuwa tano kweli, lakini zimejinyoosha kwenda kulia, utadhani zimechoka.

Alijiambia labda ni macho tu, usingizi haukutosha. Akafungua daftari lake akachagua tofali la tano. Limeandikwa: umri siku saba, limevunjika kwa tani kumi na nne. Akaenda ukutani na kidole. Akafuata mstari wa chini mpaka kumi na nne, akapanda, akakikuta kidoti kwenye saba. Na chini ya mstari ule, kwa herufi nene alizozichapa mwenyewe, palisomeka "Umri wa tofali (siku)". Kando, kwenye mstari uliosimama, palisomeka "Mzigo wa kulivunja (tani)". Yaani kwa mujibu wa ukuta, tofali la wiki mbili linabeba tani saba. Ukweli ulikuwa kinyume kabisa: tofali la wiki moja linabeba tani kumi na nne. Namba zilikuwa sahihi zote. Majina ya mihimili ndiyo yaliyokaa mahali pasipo pake.

Na alijua kosa limeingilia wapi, ndiyo maana lilimuuma zaidi.

Jumapili iliyopita alimwonyesha baba yake jedwali. Mzee Tofali alilitazama kwa miwani yake yenye mkono mmoja, akasema siku zisitangulie, siku kila mtu anazijua, tani ndizo zitangulie ili mtu aone nguvu kwanza. Binti akacheka, akazihamishia tani kushoto kumfurahisha. Kisha akachora chati upya. Sasa kompyuta haina udugu na mtu: safu ya kushoto inailaza kwenye mstari wa chini, ya pili inaisimamisha kando. Tani zikaenda chini, siku zikaenda kando. Yeye, kwa mazoea, akachapa majina kama alivyoyachapa siku zote, siku chini, tani kando. Yale ni maneno tu ya kuchapwa, hayafuati namba zikihama. Na kwa kuwa namba zenyewe zinafanana, siku kutoka tatu mpaka ishirini na nane, tani kutoka nane mpaka ishirini na tatu, hakuna kilichomgutusha.

*

Kosa la namna hii kwa mwanafunzi mwingine lingekuwa la kupoteza alama tatu nne na kuchekwa kidogo. Kwake yeye lilikuwa na miguu, lilikuwa na kofia ngumu ya njano, na lilikuwa limekaa kiti cha pili kutoka dirishani.

Jopo lilikuwa na mtu wa nje, na safari hii mtu wa nje alikuwa injinia anayesimamia ujenzi wa zahanati jirani na chuo. Injinia huyu na Mzee Tofali walikuwa na lao. Wiki mbili nyuma alifika kiwanjani kuangalia matofali, akauliza yanakaa siku ngapi kabla ya kuuzwa. Mzee akasema kumi na nne, yakimwagiliwa asubuhi na jioni. Injinia akatikisa kichwa, akasema kwake ni siku ishirini na nane au basi. Mzee akamwonyesha kiwanja: hatua ishirini kwa kumi na tano, matofali yamejaa mpaka mlangoni. Akikaa nayo mwezi mzima atafyatulia wapi mengine, juu ya paa? Injinia akaokota tofali moja, akaliangalia mbele ya vibarua na mbele ya mama yake binti aliyekuwa na mpira wa maji mkononi, akasema haya ni biskuti. Kisha akaondoka. Tangu siku ile mama yake binti alikuwa akiyamwagilia matofali kama mtu anayemwagilia hasira.

Ila injinia hakuwa mtu mbaya. Aliposikia binti wa mzee anapima matofali yale yale chuoni, alikubali kungoja. Ukuta wa zahanati ulitaka tofali linalobeba tani kumi na tano. Vipimo vikionyesha la siku kumi na nne linafika, atachukua. Visipoonyesha, atakwenda kwa mwingine, na Mzee Tofali atabaki na kiwanja kilichojaa na vibarua wanne wa kuwaambia wakae nyumbani.

Na nakala za chati, zilizochapishwa tangu asubuhi, zilikuwa tayari mikononi mwa jopo. Kupitia mlango uliokuwa wazi binti alimwona injinia, kwenye chumba cha pili alikongoja na wenzake, akisoma yake. Alikuwa na kalamu nyekundu. Akachora duara mahali fulani katikati ya karatasi, akaandika kitu pembeni, akaegemea nyuma kama mtu aliyemaliza kazi.

*

Aliyekuwa naye chumbani ni fundi wa mashine, mzee wa karakana aliyepewa jina la Bwana Kipimo kwa sababu hakuna kitu alichokisema bila kutaja kiasi. Yeye ndiye aliyekuja kuunganisha nyaya. Binti alipomweleza, alivuta miwani, akaitazama chati, akasema jambo hilo ni la nusu dakika. Bonyeza hapa, andika tani chini, andika siku kando, limekwisha. Chati itakuwa imelala ubavu, maana kitu unachokipanga wewe mwenyewe, kama siku, kwa kawaida hukaa chini, lakini haitakuwa inasema uongo.

Binti akasema karatasi je? Bwana Kipimo akasema nani analinganisha karatasi na ukuta.

Akaweka mkono kwenye kibodi. Tusimsingizie utakatifu: aliweka mkono, na kidole kikafika kwenye herufi ya kwanza. Akaiona sura ya injinia akiinua macho kutoka kwenye duara lake jekundu, akikuta ukutani kitu kingine, na mtoto wa mwenye matofali amesimama kando kimya. Hapo hata ukweli ungeonekana umepikwa. Akaondoa mkono.

"Naacha hivi hivi," alisema. "Nitawaambia imekosewa."

Bwana Kipimo akaguna, akaendelea kuitazama chati. Mara akasogea karibu, pua inakaribia kugusa ukuta, na shingo ikaanza kumvimba. Aliuliza kile kidoti cha mwisho, kwenye safu ya juu kabisa, kinasema nini. Binti akamwambia kwa jinsi ilivyoandikwa kinasema tani ishirini na nane.

"Ishirini na nane kwa mashine ipi?" Bwana Kipimo alikuwa ameudhika kweli. "Mashine yangu geji yake inaishia ishirini na tano. Ukipita hapo unapasua mpira wa mafuta, si tofali. Watu watasema mimi siijui mashine yangu."

Binti akamtazama. Kama isingekuwa heshima angemkumbatia.

*

Nje, kwenye benchi la korido, Mzee Tofali alikuwa amekaa ameshika kofia yake magotini. Mlinzi wa getini alikuwa amemweka robo saa nzima akimuuliza anamtafuta nani, kwa sababu ya viatu vyake vyenye saruji iliyogandia. Viatu vingine alikuwa navyo. Alivivaa hivyo akidhani vitambulisho vya kazi haviwezi kumwaibisha mtu. Mama yake binti hakuja. Alisema matofali hayajui sherehe, yakikauka leo yamekauka.

Binti akachuchumaa mbele yake, akamweleza kwa sentensi tatu. Hakutaja Jumapili wala safu ya kushoto. Mzee alisikiliza, akauliza jambo moja tu: vipimo vyenyewe ni vizima? Akaambiwa ni vizima. Akasema basi aende akaseme, yeye atakaa nyuma.

Alisema hivyo kwa utulivu, lakini binti aliona kofia inavyozungushwa magotini. Ndipo mwenyekiti wa jopo, mhadhiri mmoja mwanamama mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyethubutu kuongea juu yake, akaita jina la kazi yake.

*

Jopo na wanafunzi walikuwa wamekwisha kukaa mbele ya projekta. Binti akaingia, baba yake akafuata. Akawaamkia, akashukuru kwa nafasi, akajikaza kisabuni.

"Kabla sijaanza naomba niseme kwamba chati iliyo mikononi mwenu, na hii ukutani, nimeikosea," alisema. "Majina ya mihimili yamebadilishana. Kilichoandikwa siku ni tani, na kilichoandikwa tani ni siku. Kosa ni langu. Vipimo havijabadilika."

Wanafunzi waliokaa nyuma wakatazamana, mmoja akaziba mdomo. Mwenyekiti akaandika kitu, hakuinua kichwa. Injinia yeye aliinua karatasi yake, akawaonyesha wenzake lile duara.

"Mimi hapa nimesoma tofali la siku kumi na nne linabeba tani saba," alisema polepole. "Sasa unataka nisome vipi?"

"Siku ya kumi na nne ni tani kumi na nane, kumi na tisa na ishirini, Injinia. Wastani kumi na tisa."

"Kutoka saba mpaka kumi na tisa kwa kubadilisha maneno mawili." Akageuka, akamwona Mzee Tofali kwenye kiti cha mwisho kabisa, akamwinamia kichwa kwa adabu, kisha akarudi kwa binti. "Binti yangu, usinielewe vibaya. Mwenye matofali ni baba yako. Mtu akisema umeigeuza chati ili imwokoe baba, utamjibuje?"

Kicheko kidogo kilipita nyuma. Binti alisikia masikio yanawaka moto. Alijua Mzee hacheki, na hakuthubutu kugeuka kumwangalia.

Akaomba waitazame chati kama ilivyo, kwa makosa yake, kabla ya kumwamini yeye. Akaenda ukutani. Akawaonyesha mistari mitano iliyolala. Kama chini kweli ni siku, alisema, basi alivunja matofali siku ya nane, ya tisa, ya kumi, ya kumi na tatu, na kuendelea, karibu kila siku tofali moja moja, hata nyingine siku ishirini na moja na nusu. Na kama kando kweli ni tani, basi matofali matatu yalivunjika kwa tani saba kamili bila kupungua wala kuzidi, na mengine matatu kwa kumi na nne kamili. Tofali halina tabia hiyo. Kinachoweza kulingana hivyo ni tarehe, kwa sababu tarehe aliipanga yeye.

Mwenyekiti akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Na hiki cha juu," binti akaendelea, kidole kwenye kidoti cha mwisho, "kinasema tani ishirini na nane. Mashine ya karakana inaishia ishirini na tano."

Injinia akageukia mlangoni, alikosimama Bwana Kipimo na nyaya zake. Bwana Kipimo alikuwa akiungoja mgeuko huo kwa hamu kubwa. Akathibitisha kwamba ni ishirini na tano, akataja na mwaka wa geji, akaongeza kwamba ana kitabu cha mashine, na hakuna anayewasha bila kutia sahihi. Mwenyekiti akamwomba akilete. Akakileta mbio, mtu mzima yule, akakisoma kwa sauti kama anayesoma hukumu: tarehe tano, sahihi tano za binti, matofali matatu kila tarehe, na tani zake kando kwa mwandiko wa fundi mwenyewe. Tarehe ya kwanza mpaka ya mwisho, siku ishirini na tano. Injinia akahesabu kwa vidole: kutoka siku ya tatu mpaka ya ishirini na nane, ndiyo, ishirini na tano.

Akageuza karatasi yake upande mweupe, akachora mistari miwili, siku chini, tani kando, akaanza kuvipanda vidoti mwenyewe kutoka kwenye kitabu. Watu wote walikaa wakimtazama mtu mzima akichora. Ilimchukua kama dakika nne. Alipounganisha safu zake tano, ukatokea mstari unaopanda kwa kasi mwanzoni kisha unajilaza: tisa, kumi na nne, kumi na tisa, ishirini na moja, ishirini na mbili.

Akaishikilia ile ya ukutani kwa macho, akaishikilia ya kwake. Ile ya ukutani ilijikokota mwanzoni kisha ikapaa mwishoni, kana kwamba wiki ya nne ndiyo inayolifanya tofali kuwa tofali.

"Kwa nini unajilaza?" aliuliza. Sauti ilikuwa imebadilika, ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza ili ajue kama mwenzake anajua.

Binti akaeleza kwamba saruji haigandi kwa kukauka, inaganda kwa kushikana na maji. Kazi kubwa inafanyika mwanzo, maji yakiwepo. Kadiri siku zinavyokwenda saruji iliyobaki ya kushikana inapungua, kwa hiyo wiki mbili za kwanza zinaleta tani kumi na tisa, na wiki mbili zinazofuata zinaongeza tatu tu. Ila hiyo ni kwa tofali linalomwagiliwa. Likiachwa juani likauke siku ya pili, mstari ungejilaza mapema zaidi na chini zaidi.

"Nani anamwagilia?"

"Mama. Asubuhi na jioni. Leo hakuja kwa sababu hiyo."

Mwenyekiti akasema, kwa ile sauti ndogo, kwamba alama za chati binti amezipoteza na hatarudishiwa, maana chati isiyokaguliwa kabla ya kuchapwa ni uzembe. Kisha akasema zilizobaki amezipata, zote. Binti akaitikia ahsante. Alitaka kukaa chini, kiti hakikuwepo, akaegemea ukuta katikati ya vidoti vyake.

*

Ingeishia hapo na kila mtu angeenda nyumbani ameridhika. Lakini injinia alikuwa bado anaangalia mchoro wake, na kalamu nyekundu ikasimama juu ya safu ya pili.

"Mzee," aliita, akiangalia mwisho wa chumba. "Hapa kwa siku saba naona kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Mbili haziutoshi ukuta wangu. Hujawahi kuuza ya siku saba?"

Hilo binti hakuwa amelifikiria. Mzee Tofali akasimama. Viatu vyake vilikwaruza sakafu, na kila mtu akaviangalia.

"Nimewahi," alisema. "Nikibanwa. Mteja amekuja na gari, kiwanja kimejaa, anasema ni ya uzio tu. Nilimpa. Sikujua tofauti ni kubwa kiasi hicho. Nilijua tu kwamba kumi na nne hayajawahi kunirudia."

Hakuna aliyecheka. Binti alimtazama baba yake akiwa amesimama vile, kofia mkononi, akijishtaki mbele ya watu waliomzidi elimu, na akampenda zaidi.

Injinia alikunja karatasi mara mbili akaitia mfuko wa shati. Akasema basi amekubali. Tofali la siku kumi na nne, likiwa limepakwa tarehe ya kufyatuliwa ubavuni, yeye atalichukua. Akauliza kiwanjani pana mangapi. Mzee akasema mia nane na kitu. Injinia akatoa simu, akasema atatuma lori kesho asubuhi wayapakie yote.

Mia nane kwa mpigo mmoja. Kiwanja kingekuwa cheupe, vibarua wangerudi kufyatua, na mama angeweza hata kukaa chini jioni. Binti aliona baba yake anavuta pumzi, anaiachia, anaangalia kofia yake.

"Kesho hapana," alisema Mzee Tofali. "Ya mwisho kufyatuliwa yana siku kumi na moja. Leta lori baada ya siku tatu."

Injinia akashusha simu. Akamtazama yule mzee, akacheka kicheko cha tumboni, akaanza kuandika upya ule ujumbe.